Magemu makubwa kwenye kompyuta ya mkononi: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Swali la kama kompyuta ya gemu ya mkononi inaweza kuchezesha magemu makubwa ya miaka ya karibuni halijibiki kwa ndiyo wala kwa hapana. Jibu lake linategemea mambo mawili, nayo ni wati ambazo prosesa inaruhusiwa kula na idadi ya fremu kwa sekunde ambayo mchezaji yuko radhi kuikubali. Malalamiko yanayoletwa na wachezaji wa Unguja na Pemba yanafanana sana, na mengi kati yao yanatokana na mtu kutaka vyote kwa pamoja: picha za juu, fremu 60 na betri ya jioni nzima.

Kifaa cha mfano katika mwongozo huu ni Steam Deck, kwa kuwa vipimo vyake vinasomeka waziwazi kwenye kioo wakati gemu linaendelea. Ile ya kioo cha LCD, iliyotoka mwaka 2022, ina betri ya wati-saa 40, na ile ya OLED ya mwaka 2023 ina wati-saa 50. Zote mbili zina kioo cha nukta 1280 kwa 800, na prosesa zao haziruhusiwi kupita wati 15. Vifaa vya Windows kama ROG Ally na Legion Go vitatajwa pale tabia zao zinapotofautiana.

Kabla ya kutafuta kosa, washa vipimo

Bonyeza kitufe chenye nukta tatu upande wa kulia, nenda kwenye alama ya betri, kisha sogeza `Performance Overlay Level` hadi namba 2. Juu ya kioo utaona mstari unaoonyesha `GPU`, `CPU`, `RAM`, `BATT` na `FPS`. Mtu anayebadilisha mipangilio bila kuutazama mstari huu anabahatisha tu, na mara nyingi huishia kuharibu sura ya gemu bila kupata kasi yoyote.

Kuhusu kiwango cha kukubalika, fremu 30 zilizotulia ni bora kuliko fremu zinazoruka kati ya 28 na 50, kwa sababu jicho huchoshwa zaidi na mabadiliko kuliko na uchache. Fremu 40 ni kituo kizuri kuliko watu wanavyodhani. Katika fremu 30 kila picha hukaa milisekunde 33, katika 60 hukaa 17, na katika 40 hukaa 25, yaani katikati kabisa ya hizo mbili, ilhali gharama yake ya umeme iko karibu zaidi na ile ya 30.

Dalili ya kwanza: gemu halifunguki kabisa, au linafunguka na kujifunga

Sababu inayoongoza haihusiani na nguvu ya kifaa. Magemu mengi ya kushindana mtandaoni yana programu ya kuzuia udanganyifu ambayo haikubali SteamOS, mfumo unaoendesha Steam Deck, kwani mfumo huo ni wa Linux. Hili linawaumiza wapenzi wa kandanda hasa, kwa kuwa magemu ya EA kuanzia FIFA 23 na yale ya EA Sports FC yaliyofuata hayachezeki kwenye SteamOS kwa sababu hiyohiyo. Fortnite na Valorant nazo ni vivyo hivyo. Hakuna mpangilio utakaoliondoa tatizo hili. Ambaye kandanda ndiyo sababu yake ya kununua anunue kifaa cha Windows tangu mwanzo, na asikubali kuambiwa na muuzaji kwamba litarekebishwa baadaye.

Sababu ya pili ni toleo la Proton, yaani tabaka linaloyawezesha magemu ya Windows kufanya kazi kwenye Linux. Fungua ukurasa wa gemu, ingia `Properties`, kisha `Compatibility`, uchague toleo jingine na ujaribu tena. Sababu ya tatu, ambayo ni adimu lakini inaongezeka, ni gemu linalolazimisha mwanga wa kukokotolewa miale kwa miale. Indiana Jones and the Great Circle la 2024 na Doom: The Dark Ages la 2025 hayana njia ya kuuzima mwanga huo. Kwenye prosesa ya wati 15 magemu ya namna hii hata yakifunguka huwa mzigo mzito mno, na fedha iliyopangwa kuyanunua ni afadhali itumike kwa gemu jingine.

Dalili ya pili: gemu linachezeka lakini ni zito

Hapa pana aina mbili za uzito ambazo watu huzichanganya. Moja ni gemu kuwa na fremu chache muda wote. Nyingine ni gemu kwenda vizuri kisha kukwama kwa nusu sekunde na kuendelea. Tiba zake ni mbalimbali, kwa hiyo tazama `FPS` kwa dakika chache kabla ya kugusa chochote.

Tuanze na uzito wa kudumu. Ikiwa `GPU` inasoma asilimia 97 hadi 99, sehemu inayochora picha ndiyo iliyoelemewa, na hii ndiyo hali ya kawaida. Jambo la kwanza la kuangalia ni ukubwa wa picha. Kioo cha Legion Go ya kwanza ni nukta 2560 kwa 1600, ambazo ni mara nne kamili ya nukta za Steam Deck, na kile cha ROG Ally cha 1920 kwa 1080 kina takriban mara mbili. Mwenye Legion Go anayelalamika kwamba Cyberpunk 2077 linatambaa huwa, mara nyingi, ameliacha kwenye ukubwa wa kioo kizima. Akilishusha hadi 1280 kwa 800 atapata nafuu kubwa, na kwa kuwa kila nukta moja ya picha itajaza nukta nne kamili za kioo, picha haitafifia sana.

Baada ya hapo zima `Ray Tracing`, yaani ule mwanga wa miale kwa miale, ikiwa imewashwa, shusha vivuli na ukungu, kisha washa FSR kwenye kiwango cha `Quality` au `Balanced`. FSR huchora picha ndogo na kuikuza. Kwenye kioo kidogo ukuzaji huo hauonekani sana, lakini kiwango cha `Ultra Performance` kwenye nukta 1280 kwa 800 hufanya nywele na majani yawe kama uji, na sikishauri.

Ikiwa `GPU` inasoma asilimia 70 na fremu bado ni chache, kosa liko kwingine, na kushusha vivuli hakutasaidia. Prosesa kuu ndiyo iliyozidiwa. Kwa kuhakiki, shusha ukubwa wa picha hadi wa chini kabisa kwa dakika moja. Fremu zisipopanda, umepata uthibitisho. Baldur's Gate 3 ndilo mfano unaojulikana zaidi: sehemu ya mwanzo ya gemu hilo huenda vizuri, lakini ukiingia mji mkubwa wa sehemu ya tatu, wenye watu wengi wanaotembea kila upande, fremu huporomoka. Watengenezaji wake walitoa mwaka 2025 toleo lililoandaliwa moja kwa moja kwa ajili ya Steam Deck ili kupunguza mzigo huo, kwa hiyo anayecheza toleo la zamani asasishe kwanza. Kwenye Cyberpunk 2077 mpangilio wa kuugusa unaitwa `Crowd Density`. Uweke `Low`, maana kila mpita njia anayeondolewa barabarani ni kazi moja imepungua kwa prosesa.

Neno moja kuhusu alama ya kijani ya `Verified`. Alama hiyo inakuhakikishia kwamba vitufe vinafanya kazi, maandishi yanasomeka na gemu linafunguka bila taabu. Haikuambii betri itadumu muda gani, na haimaanishi kwamba kila mji na kila pigano ndani ya gemu litapata fremu za kutosha.

Uzito wa kukwamakwama una chanzo tofauti. Mara nyingi hutokea katika saa ya mwanzo ya gemu jipya, pale kifaa kinapoandaa programu ndogo za rangi na mwanga, na hupungua kadiri unavyocheza. Uzito huo ukiendelea siku hadi siku, angalia gemu limehifadhiwa wapi. Kadi ya kumbukumbu ya bei rahisi, na hasa ile bandia inayouzwa kwa jina la kadi ya kasi, haiwahi kuleta picha za ulimwengu mpana kwa wakati. Hamishia gemu kwenye hifadhi ya ndani na ucheze eneo lilelile. Likinyooka, kadi ndiyo mkosaji. Hakuna haja ya kupakua upya na kuchoma bando la gigabaiti mia, kwa kuwa `Move install folder` huhamisha faili zilizopo.

Dalili ya tatu: betri inaisha ndani ya saa moja na nusu

Lalamiko hili ndilo linaloongoza, na mara nyingi betri haina kosa lolote. Hesabu yake ni nyepesi: gawa wati-saa za betri kwa wati zinazosomeka pembeni ya `BATT`. Wati hizo ni za kifaa kizima, pamoja na kioo, feni, hifadhi na Wi-Fi, kwa hiyo huwa juu ya zile 15 za prosesa.

Tuchukue kisa kimoja mpaka mwisho. Mtu ana Steam Deck ya LCD, umeme umekatika baada ya Isha, na anataka kucheza Cyberpunk 2077 kwa saa mbili. Analifungua kwa mpangilio uliopo ndani ya gemu uitwao `Steam Deck`, mwangaza uko juu, fremu hazina ukomo. Kipimo kinasoma wati 25. Arubaini ukigawa kwa 25 ni saa 1.6, yaani saa moja na dakika 36. Kwa mipangilio ile, saa mbili hazipatikani hata betri ikiwa mpya.

Hatua ya kwanza ni kuweka ukomo wa fremu 30 katika menyu ya nukta tatu. Ndani ya chumba tulivu, ambako gemu lilikuwa linachora fremu 40, prosesa sasa inapata nafasi ya kupumua na wati zinashuka zenyewe. Barabarani penye watu hazishuki sana, kwa sababu pale gemu lilikuwa karibu na 30 tangu awali. Hatua ya pili ni kuwasha `TDP Limit`, yaani ukomo wa wati za prosesa, na kuanza na wati 10. Aende sokoni ndani ya gemu, mahali penye watu wengi, na kuangalia. Fremu zikishuka hadi 26, apandishe hadi wati 11. Zikitulia kwenye 30, aache hapo. Asipime ukomo huu akiwa ndani ya lifti au chumba kitupu, kwani atapata namba nzuri itakayomwangusha katikati ya pigano. Hatua ya tatu ni kushusha mwangaza hadi nusu, jambo ambalo gizani halimnyimi chochote.

Baada ya hatua hizo tuseme kipimo kinasoma wati 18. Arubaini kwa 18 ni saa 2.2, yaani saa mbili na dakika 13. Mchezaji huyu amepata alichokitaka bila kugusa ubora wa picha hata kidogo. Mwenye OLED, kwa wati hizohizo, angepata saa mbili na dakika 46. Washa pia `Use per-game profile`, ili ukomo huu ubaki kwa gemu hili peke yake na usiyabane mengine.

Kwenye ROG Ally hesabu ni ileile lakini mtego ni mkubwa zaidi. Ile ya mwaka 2023 ina betri ya wati-saa 40 pia, huku hali yake ya `Turbo` ikiiruhusu prosesa pekee kula wati 25. Ukiongeza kioo na vinginevyo, saa moja na robo ni matokeo ya kutarajiwa. Iweke kwenye hali ya wati 15 unapokuwa mbali na umeme. ROG Ally X ya 2024 ina wati-saa 80, na kwa maoni yangu tofauti hiyo ya betri ina thamani kwa mkaazi wa visiwani kuliko ongezeko lolote la kasi. Kwenye Windows kuna sababu nyingine ya betri kuisha: kifaa kinalala kwa kubonyeza kitufe, kisha kinajiamsha ndani ya mkoba na kuunguza chaji. Chagua `Hibernate` badala ya `Sleep` kwa kitufe cha kuzimia.

Ikiwa wati zinasoma 18 na bado betri haifiki hata saa moja na nusu, sasa ndipo betri ishukiwe. Kwenye Steam Deck ingia `Desktop Mode`, fungua `Konsole` na uandike:

```
upower -d
```

Tafuta `energy-full` na `energy-full-design`. Ya kwanza ni uwezo wa leo, ya pili ni uwezo wa kiwandani. Betri iliyobaki na 32 kati ya 40 imepoteza moja ya tano, na hilo ni uzee wa kawaida. Iliyobaki na 24 inahitaji kubadilishwa. Kwenye Windows amri ni hii:

```
powercfg /batteryreport
```

Dalili ya nne: kimechomekwa, lakini chaji inashuka

Sababu ya kwanza ni chaja ya simu. Steam Deck huja na chaja ya wati 45 inayotoa volti 15 kwa njia ya USB-C. Chaja nyingi za simu zilizoandikwa wati kubwa hutoa wati hizo kwa simu za kampuni yake tu, na zikikutana na kifaa kingine hurudi kwenye volti 5 na wati chache. Tafuta maandishi madogo kwenye mgongo wa chaja. Kama hayana `PD` na `15V` pamoja na `3A`, chaja hiyo haitoshi kwa gemu kubwa. Sababu ya pili ni waya uliochoka. Badilisha waya kabla ya kununua chaja.

Wanaotegemea benki ya umeme wakumbuke kwamba namba kubwa ya mAh imehesabiwa kwa volti ya seli za ndani. Benki ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, na baada ya upotevu wa kubadilisha volti utabaki na pungufu ya hapo. Nayo lazima iwe na `PD` ya wati 45 au zaidi.

Umeme ukirudi baada ya kukatika, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka, au tumia kifaa cha kinga kama kile cha friji. Chaja inakubali volti 100 hadi 240, lakini mruko wa ghafla unaweza kupita hapo.

Dalili ya tano: linaanza vizuri, kisha fremu zinashuka na feni inavuma

Steam Deck imekusudiwa kwa hewa isiyozidi nyuzi joto 35. Prosesa hujipunguzia kasi ikifika nyuzi 100 na kifaa hujizima kwenye 105. Wakati wa kaskazi, ndani ya chumba cha bati kisicho na upepo, kifaa kinaanza kazi kikiwa karibu na mpaka huo wa hewa. Kwanza hakikisha hakijalazwa juu ya godoro au mto, kwani matundu ya kuvuta hewa yako mgongoni. Pili, punguza `TDP Limit` kwa wati mbili tatu. Joto hushuka mara moja. Tatu, usicheze huku unachaji, kwa sababu betri inayochajiwa huongeza joto lake juu ya lile la prosesa.

Ikiwa kifaa kimeishi karibu na bahari kwa miaka, unyevu wenye chumvi hukamatana na vumbi na kufanya utando mgumu kwenye mapezi ya kupoozea. Kupuliza kwa mdomo kunaongeza unyevu. Kufungua ndiyo dawa, na hapo ujue ulipo mpaka wako. Ukiamua kufungua Steam Deck mwenyewe, toa kadi ya kumbukumbu kwanza, maana ukinyanyua mfuniko ikiwa ndani itavunjika vipande viwili. Kisha zima kabisa, ushike kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kuwashia, na katika menyu ya `Setup Utility` uweke betri kwenye `Battery Storage Mode` kabla ya kugusa skrubu.

Mahali pa kuacha na kumwita fundi

Acha mara moja ukiona mfuniko wa nyuma umenyanyuka, kioo kimetengana na fremu yake, au vitufe vya upande mmoja vimeanza kukwama bila sababu. Hizo ni dalili za betri kuvimba. Usichaji, usibonyeze mfuniko urudi mahali pake, na usitoboe. Kizime, kiweke juu ya sakafu ya saruji mbali na pazia na godoro, ndipo umtafute fundi aliyewahi kubadilisha betri zilizogundishwa. Kung'oa betri iliyovimba kwa bisibisi kumeshasababisha moto kwenye simu, na betri hizi ni kubwa mara kadhaa.

Acha pia ikiwa kifaa kimeingia maji ya bahari, kwa mfano kwa mrusho wa mawimbi ndani ya boti. Mchele hauondoi chumvi. Usikiwashe kujaribu kama kimepona, kwa sababu umeme ukipita kwenye bodi yenye chumvi huanza kula shaba papo hapo. Kipeleke kifunguliwe na kusafishwa kwa spiriti ya asilimia 99 siku ileile.

Harufu ya kuungua, chaja isiyoshikika kwa joto, au kujizima kunakotokea hata kwenye menyu bila gemu lolote ni kazi ya fundi vilevile. Mwambie wati zilizokuwa zikisomeka, gemu lililokuwa wazi, na kama kilikuwa kimechomekwa. Kwa maelezo hayo matatu ataanza na sehemu inayostahili badala ya kufungua kila kitu.